Kununua nyumba Mombasa ukiwa ng'ambo kwa mkono wa jamaa: mwongozo kamili

Tuseme dada yuko Doha, muuguzi, na kwa miaka kadhaa amekuwa akiweka akiba. Kakake yuko Kisauni. Siku moja kaka anampigia: nyumba imepatikana Bamburi, vyumba vitatu, ukuta na geti, mwenyewe ataka milioni nane, na kuna mnunuzi mwingine anayekuja kesho na pesa taslimu. Dada atume chochote cha kushikia.

Mwongozo huu unafuata safari ya hawa wawili tangu simu ile hadi siku jina la dada linapoandikwa kwenye rejista. Kaka ni mtu mwema. Hilo nalisema mapema, kwa sababu wengi waliopoteza pesa hawakuibiwa na jamaa zao. Jamaa alidanganywa na dalali au muuzaji, au alibebeshwa kazi tatu ambazo hazifai kukaa mkononi mwa mtu mmoja: kuiona nyumba, kushika pesa na kutia saini. Kila hatua hapa chini inazitenganisha kazi hizo. Kaka anakuwa macho na miguu, wakili anashika makaratasi, pesa zinapita benki, na saini inabaki ya dada mwenyewe.

Kwanza, ujue waweza kumiliki nini

Kama una kitambulisho au pasi ya Kenya na hukuwahi kuchukua uraia mwingine, sehemu hii yakuhusu kidogo tu: hakikisha una PIN ya KRA, kwa sababu umiliki hauhamishwi bila PIN ya mnunuzi. Hiyo huombwa kwa iTax popote ulipo.

Aliyechukua uraia wa nchi nyingine asimame hapa kwanza. Kabla ya Katiba ya 2010, Mkenya aliyejitwalia uraia wa kigeni alipoteza wa Kenya. Katiba mpya iliruhusu uraia pacha, lakini aliyeupoteza zamani lazima aombe kurejeshewa, haurudi wenyewe. Asipofanya hivyo, sheria inamhesabu kuwa mgeni, na kifungu cha 65 cha Katiba kinasema mgeni hamiliki ardhi ila kwa kukodi, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Ardhi ya kilimo ni ngumu zaidi kwake. Wapo wanaolikimbia jambo hili kwa kuandikisha nyumba kwa jina la ndugu. Ni afadhali uchelewe ukirudisha uraia wako.

Hati iwe kwa jina lako

Kaka atasema, na atasema kwa nia safi: "Dada, tuandike jina langu kwanza, ukija likizo tutabadilisha." Jibu ni hapana, na sababu zake amwambie bila kuzunguka.

Nyumba ikiwa kwa jina la kaka, mbele ya sheria ni mali ya kaka. Anayemdai anaweza kuifuata. Mke wake akihamia humo, nyumba yaweza kuhesabiwa ya ndoa, na nyumba ya ndoa haihamishwi bila ridhaa yake. Kaka akifariki, nyumba inaingia kwenye mirathi yake, na watoto wake, ambao hawana habari ya pesa za Doha, watakuwa na haki ya kudai fungu. Dada ataweza kwenda mahakamani kuthibitisha kwamba kaka alikuwa mdhamini tu na pesa zilikuwa za dada. Kesi hizo zipo na wengine hushinda, lakini ni miaka ya kesi baina ya shangazi na watoto wa nduguye. Isitoshe, "kubadilisha ukija" ni uhamisho wa pili, wenye makaratasi yake, gharama zake na maswali yake ya ushuru.

Barua ya kaka, na hati ya uwakilishi

Watu wengi huanza na hati ya uwakilishi, ile inayompa mtu mamlaka ya kutia saini kwa niaba yako. Mara nyingi haihitajiki. Mkataba wa mauziano na fomu ya kuhamisha umiliki, dada anaweza kuzitilia saini mwenyewe Doha mbele ya ofisa wa ubalozi wa Kenya au notari, kisha akazituma kwa kampuni ya vifurushi. Wakili wake amweleze kabla ya saini ni shahidi wa aina gani rejista ya Mombasa itamkubali, na muhuri gani unatakiwa. Karatasi iliyoshuhudiwa vibaya hurudishwa, na dada ataomba ruhusa kazini mara ya pili.

Kaka anachohitaji ni barua ya kawaida ya ukurasa mmoja: anaruhusiwa kukagua nyumba, kuuliza maswali, kupeleka na kupokea makaratasi kwa wakili. Haruhusiwi kupokea wala kutoa pesa za bei, kukubali bei, au kutia saini mkataba. Wakili apewe nakala, na kaka akitaka amwonyeshe muuzaji. Barua hiyo inamlinda kaka pia. Dalali akimbana atoe arubuni leo leo, ana la kujibu bila kuonekana anamkwepa.

Wapo ambao hawana budi. Baharia aliye melini miezi tisa, au mfanyakazi wa nyumbani Saudia ambaye tajiri wake hampi nafasi ya kufika ubalozini kila karatasi inapohitajika, atalazimika kutoa hati ya uwakilishi siku moja anayopata. Basi iwe finyu. Itaje kiwanja kwa namba yake. Itaje matendo: kutia saini mkataba wa kununua na fomu ya uhamisho kwa jina la mwenye hati. Itaje bei ya juu kabisa na tarehe ya mwisho ya matumizi. Iseme wazi kwamba mwakilishi hawezi kuuza, kuweka rehani, kukopa, wala kumteua mwingine mahali pake. Hati zilizochapishwa tayari, zinazouzwa kwenye vibanda vya nakala, huwa na sentensi ndefu yenye "kununua, kuuza, kukodisha, kuweka rehani na kufanya jambo lolote". Sentensi hiyo inatosha kuuza nyumba uliyoinunua jana. Ikatwe.

Hati hiyo ili itumike kwenye ardhi lazima iandikishwe kwa msajili wa ardhi, na mwenye kuitoa anaweza kuifuta wakati wowote kwa kumpa msajili taarifa rasmi. Kumwambia jamaa kwa simu "nimeifuta" hakutoshi: rejista isipojua, karatasi bado inafanya kazi.

Jambo jingine ambalo familia huliona aibu kulitaja ni malipo ya kaka. Mlipe. Mkubaliane kiasi cha kazi yake na nauli yake, kiandikwe, na kitumwe mbali na pesa za nyumba. Mwakilishi anayefanya kazi bure huzunguka mji kwa nauli yake, na dalali akimwahidi kitu kidogo bei ikifika milioni nane, mtihani huo tumemwekea sisi wenyewe.

Mtafute wakili wako mwenyewe

Wakili awe wa dada, si wa muuzaji, si "wetu sote". Wakili mmoja akisimamia pande zote mbili, siku kukitokea tatizo dada hana wa kumtetea. Tovuti ya Chama cha Mawakili ina sehemu ya kutafuta jina la wakili na kuona kama ana cheti cha kufanya kazi cha mwaka huu. Dada atafute jina, kisha apige simu ya ofisi aliyoitafuta mwenyewe, si namba aliyotumiwa na dalali, na azungumze naye kwa video. Mkataba wa malipo ya wakili uandikwe baina ya dada na wakili moja kwa moja, na ripoti zote zimfikie dada kwa barua pepe wakati uleule zinapomfikia kaka.

Kuiona nyumba ukiwa mbali

Picha hazitoshi, na video iliyorekodiwa haitoshi. Dada amwombe kaka simu ya video inayoanzia barabara kuu, penye alama anayoijua, iende bila kukatwa hadi getini, huku kaka akimtumia mahali alipo kwenye ramani. Wakifika, wasikimbilie vigae na jikoni. Kaka azunguke nje: maji taka yanakwenda wapi, mita ya umeme iko kwa jina la nani, ukuta umegusana na wa jirani au la. Kisha awasalimu majirani wawili watatu na kuuliza nani anaishi hapo, tangu lini, na kodi humlipa nani. Jirani mzee wa Bamburi atakwambia kwa dakika tano habari ambayo ofisi yoyote itachukua wiki kuitoa.

Baada ya siku chache aende mtu wa pili, shangazi au binamu, saa tofauti na bila kuongozana na dalali. Kaka ajulishwe tangu mwanzo kwamba mtu wa pili atakwenda, ili asije akahisi amepelelezwa.

Kisha aende mpimaji aliyesajiliwa. Kazi yake ni moja: kutafuta bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja, na kuthibitisha kwamba nyumba iliyoonyeshwa imesimama juu ya namba ile iliyo kwenye hati. Hapa ndipo ulaghai mkubwa hupita. Hati ni ya kweli, jina ni la kweli, lakini kiwanja chake ni cha vichaka nyuma ya nyumba uliyoipenda, au nusu ya nyumba imevuka mpaka. Wakili hawezi kuliona hilo kutoka ofisini, wala kaka hawezi kuliona kwa macho.

Mombasa ina jambo lake la pekee ambalo mgeni wa soko hili lazima alielewe. Sehemu nyingi, hasa Majengo, Kisauni na Likoni, kuna nyumba bila ardhi: mwenye nyumba anamiliki kuta na paa, na ardhi ni ya mtu mwingine anayelipwa kodi ya kiwanja. Chimbuko lake ni la zamani. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani wathibitishe madai yao, na wengi waliokuwa wakiishi na kulima pale hawakupata hati. Ardhi ikabaki kwa wachache au kwa serikali. Nyumba hizo huuzwa kila siku na watu huishi humo maisha yao yote, lakini aliye ng'ambo anapaswa kujua kwamba anachonunua hakina hati miliki ya ardhi, na mwenye ardhi akibadilika, masharti yake nayo yanaweza kubadilika. Ukisikia bei nafuu mno, uliza kwanza: "Na kiwanja je?" Uliza pia kama ni wakfu. Ardhi iliyowekwa wakfu haiuzwi kama mali ya kawaida, hata anayeishi humo akiwa na karatasi kuukuu ya babu.

Upekuzi wa rejista, na kilichomkuta kaka

Upekuzi rasmi, au sachi kama watu wanavyoiita, huombwa na wakili wa dada mwenyewe. Sachi iliyoletwa na muuzaji ni karatasi tu. Pale ambapo rekodi zimeingizwa kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa mtandaoni, huombwa humo. Kwingine huombwa kwenye rejista ya ardhi yenyewe. Jibu lake huonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa, kama ni ya kukodi au ya kudumu, na mizigo iliyo juu yake: rehani ya benki, zuio la mtu anayedai haki, au amri ya mahakama.

Isiishie hapo. Mwaka 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliyohusu kiwanja cha ufukweni Nyali, Mahakama ya Juu ilisema kwamba kuwa na hati mkononi hakumkingi mnunuzi ikiwa ardhi ilitolewa isivyo halali tangu mwanzo. Mnunuzi yule alipoteza. Kwa hiyo wakili wa dada aombe historia: nani alikuwa nayo kabla, na kabla yake nani, na kila uhamisho ulikuwa na karatasi gani. Kiwanja kilichokuwa njia, uwanja wa shule au ardhi ya umma kabla hakijawa cha mtu binafsi ni cha kuachwa, hata kama hati yake ina muhuri na saini zote.

Katika mfano wetu, sachi inarudi na jina ambalo si la muuzaji. Ni la marehemu babake. Kaka anashangaa, kwa sababu muuzaji amekaa pale tangu utoto na mtaa mzima humwita mwenye nyumba. Muuzaji hakudanganya kwa nia mbaya. Kwake nyumba ya baba ni nyumba yake. Anatoa barua ya chifu na cheti cha kifo.

Wakili anasema hazitoshi. Sheria ya urithi ya Kenya inakataza kuuza mali isiyohamishika ya marehemu kabla hati ya usimamizi wa mirathi haijathibitishwa na mahakama. Anayeweza kuuza ni msimamizi aliyetajwa humo, na wakiwa zaidi ya mmoja hutia saini wote. Kaka anarudi kuuliza, na sasa inajulikana kwamba muuzaji ana dada wawili, mmoja ameolewa Malindi, ambaye hajaambiwa kwamba nyumba inauzwa. Kama dada yetu wa Doha angetuma "chochote cha kushikia" siku ile ya simu ya kwanza, sasa angekuwa ameingia kwenye ugomvi wa mirathi wa familia nyingine, na pesa zake zimeshatumika.

Afanye nini? Si lazima aiache nyumba. Wakili wake anamwandikia muuzaji: tuko tayari kununua kwa bei tuliyozungumza, mirathi ikithibitishwa, warithi wote wakiridhia kwa maandishi na wasimamizi wakiandikwa kwenye rejista. Hadi hapo hakuna arubuni. Inaweza kuchukua miezi. Yule "mnunuzi wa kesho" akitokea kweli na pesa taslimu, mwacheni achukue; atakuwa amenunua kesi.

Mkataba na pesa

Tuseme mirathi imekamilika na dada wa Malindi amekubali. Sasa ndipo mkataba unaandikwa. Kwa sheria ya Kenya mauziano ya ardhi hayasimami mahakamani bila maandishi yaliyotiwa saini na pande zote, na kila saini iwe na shahidi aliyekuwapo. Ujumbe wa WhatsApp wenye "sawa, nimekubali milioni nane" haumfungi mtu.

Kwa kawaida mnunuzi hutoa asilimia kumi wakati wa kutia saini, na mauziano hukamilika ndani ya siku tisini. Kwa nyumba yetu asilimia kumi ni shilingi 800,000. Pesa hizo zisiende kwa muuzaji wala kwa kaka. Zinatoka akaunti ya dada kule Doha, kwa jina lake, hadi akaunti ya wateja ya wakili wake, naye huzipeleka kwa wakili wa muuzaji, na mkataba useme kwamba huyo atazishika kama amana hadi mauziano yakamilike. Mkataba useme pia zinarudi lini na kwa sharti gani. Kabla ya kutuma, dada apige simu ofisini na kusomewa namba ya akaunti kwa sauti. Wezi huingia kwenye barua pepe na kubadilisha namba siku ya mwisho. Ukiona ujumbe kwamba "akaunti imebadilika", usitume hadi umesikia sauti unayoijua. Kwenye maelezo ya malipo aandike namba ya kiwanja, na risiti ya benki aihifadhi. Siku pesa hizi zikibishaniwa, maneno yale mafupi ndiyo ushahidi.

Kando ya bei kuna ushuru wa stempu, ambao ni wa mnunuzi: asilimia nne mjini, asilimia mbili mashambani. Bamburi ni mjini, basi ni shilingi 320,000 juu ya milioni nane. Mthamini wa serikali hukagua thamani, na akiona nyumba ni ya zaidi, ushuru huhesabiwa kwa thamani yake. Ndiyo sababu ushauri wa "tuandike milioni nne ili ushuru upungue" ni mbaya mara mbili: ni kosa kisheria, na mambo yakiharibika mkataba utasema ulilipa nusu ya ulicholipa. Wekeni kando pia ada ya wakili na ya mpimaji. Kodi ya faida ya mauzo, asilimia 15 ya faida tangu 2023, ni ya muuzaji, lakini wakili wako aidai risiti yake, maana bila hiyo uhamisho hukwama.

Ukinunua nje ya mipaka ya miji, kwa mfano sehemu za Kilifi ambazo bado ni ardhi ya kilimo, kuna hatua ya ziada: kibali cha bodi ya ardhi, kinachoombwa ndani ya miezi sita tangu mkataba. Mauziano yasiyo na kibali hicho ni batili, hata kama umelipa yote na umehamia.

Siku ya kukamilisha

Salio la 7,200,000 ndilo linalowafanya watu wakose usingizi. Muuzaji hataki kutoa hati kabla ya pesa, na mnunuzi hataki kutoa pesa kabla ya hati. Njia waliyoizoea mawakili ni ahadi ya kiwakili: wakili wa dada, akiwa tayari ameshika salio kwenye akaunti ya wateja, anamwandikia mwenzake kwamba atamlipa uhamisho ukishasajiliwa. Wakili akivunja ahadi hiyo huitwa kujibu yeye binafsi, kwa hiyo haitoi ovyo.

Kwa ahadi hiyo wakili wa muuzaji anatoa makaratasi: hati miliki ya asili, fomu za uhamisho zilizotiwa saini, vitambulisho na PIN, picha, ridhaa ya mke au mume wa muuzaji inapohitajika, na cheti cha kaunti kwamba hakuna deni la kodi ya ardhi. Kiwanja kikiwa cha kukodi kutoka serikalini, inahitajika pia ridhaa ya kuhamisha na cheti cha kodi yake. Kabla ya kuwasilisha, wakili afanye sachi ya pili. Kati ya ile ya kwanza na siku hii imepita miezi, na zuio au rehani huingia kwa siku moja.

Usajili ukikamilika, dada aombe vitu viwili: hati yenye jina lake, na sachi mpya iliyoombwa baada ya usajili. Majina na namba za vitambulisho kwenye karatasi hizo mbili zifanane herufi kwa herufi na pasi yake. Hapo ndipo salio hutoka.

Baada ya jina kuandikwa

Hati ya asili ikae benki au kwa wakili, kwa risiti iliyoandikwa kwa jina la dada. Kaka abaki na nakala. Si kumshuku: hati inayokaa kabatini nyumbani huonwa na kila apitaye, na aliye na shida huijua njia.

Akaunti ya kodi ya ardhi ya kaunti, ya maji na ya umeme zibadilishwe jina mwezi huohuo, na funguo zipokewe mbele ya mashahidi, kufuli zibadilishwe.

Kaka akihamia kuilinda nyumba, au akimweka mpangaji, iandikwe barua. Mpangaji awe na mkataba unaotaja jina la dada kama mwenye nyumba, na kodi iingie akaunti ya dada. Kaka awe na barua ya ruhusa inayosema anakaa kwa idhini ya mwenyewe, itiwe saini na wote wawili na kuhuishwa kila mwaka. Sheria ya Kenya humruhusu mtu aliyekaa kwenye ardhi ya mwenzake miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila ruhusa, kuidai iwe yake. Anayekaa kwa ruhusa hawezi. Leo kaka hatadai. Barua hiyo ni kwa ajili ya miaka ambayo huenda kaka hayupo na waliomo ndani ni watu ambao dada hajawahi kuwaona.

Na kama hati ya uwakilishi ilitolewa, ifutwe sasa kwa msajili, hata kama tarehe yake ya mwisho imekaribia, na nakala ya taarifa ya kufuta iwekwe pamoja na hati ya nyumba.